Ghunna Iliyohama Sikio



Kwa wiki kadhaa mlikosa maneno yangu katika ukurasa huu, na mhariri kwa hisani yake akaandika kwamba nimo safarini. Safari ilikuwepo, lakini si hiyo iliyonizuia. Nilikuwa nimelazwa Nairobi, nimelalia ubavu wa kushoto, nikichelea kugeuza shingo kwa sababu kila nilipoigeuza nyumba nzima iligeuka nami. Wengi wameniuliza nini kilichonipata, na wengine wamekwisha kutoa jibu lao kabla ya langu: presha, malaria, uchovu wa safari, kijicho. Nitaeleza kilivyokuwa, kwani katika majibu hayo yote hakuna aliyelitaja sikio.

Nilitoka Mombasa kwa treni siku ya Alhamisi, kwenda kufungisha nikahi ya jamaa yetu. Nilikuwa na mafua ya wiki nzima, na sikio la kulia lilikuwa limeziba kama lililojaa maji. Sikulijali. Usiku wa Ijumaa likaanza kuuma, maumivu ya kupwita yaendayo na mapigo ya moyo, na homa juu yake. Asubuhi kijana mmoja wa duka la dawa akanipimia vidonge vya amoksilini vya siku tano, na jirani mwema akaja na mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu saumu, nikatiwa matone sikioni. Nikahi nikaifungisha hivyo hivyo. Usiku wa Jumapili kitu kikapasuka ndani ya sikio, mto ukalowa usaha na damu kidogo, na maumivu yakakatika palepale. Nilishukuru kama mtu aliyefunguliwa pingu. Siku ya Jumatatu, kwa kuwa nimepona, nikaacha vidonge.

Kuna jambo moja la siku hizo nataka mlishike, kwa kuwa ndilo mhimili wa kisa hiki. Tangu sikio lilipoziba, kila nilipokuwa nikisoma na kufika penye ghunna, ile sauti ya puani ya nuni na mimu, ilikuwa ikivuma katika sikio la kulia, lile lenye maradhi, kama mtu apigaye zumari ndani ya mtungi. Sikio la kushoto likawa kana kwamba halimo. Niliona ni ajabu kwamba sikio bovu ndilo linalosikia sana, nikaipuuza ajabu hiyo.

Siku ya Jumatano nilikwenda Soko la Kenyatta. Wasiolijua, ni soko la vibanda vilivyosongamana, karibu na barabara ya Mbagathi, si mbali na ile hospitali kuu ya taifa yenye jina hilohilo. Lina sifa mbili mjini Nairobi. Ya kwanza ni nyama ya kuchoma, na moshi wake unakulaki kabla hujaliona soko lenyewe. Ya pili ni ususi. Wanawake hutoka kila pembe ya jiji kuja kusukwa hapo, wawili watatu wakimshughulikia mteja mmoja ili amalize mapema. Binti wa dada yangu ana kiti chake katika kibanda kimojawapo, naye alikuwa akinisisitiza nisirudi pwani kabla ya kuona anapochumia.

Nilipokaribia mlangoni simu ikalia. Nikaiweka sikio la kulia, kama kawaida yangu ya miaka yote, nisisikie kitu. Nikadhani mtandao umekatika. Nikaangalia kioo, dakika zinahesabika. Nikaihamishia kushoto, nikamsikia mpwa wangu akipiga kelele, "Mjomba, mbona hujibu? Naona kanzu yako kutoka hapa!" Nikatembea hatua labda thelathini. Kisha safu ya vibanda vya upande wa kulia ikaanza kukimbia. Sisemi nilijihisi mwepesi kichwani, wala kwamba macho yaliingia giza kama ya mtu aliyefunga na kusimama ghafla. Nasema nilivyoona: rasta zilizoning'inizwa, vioo, taa, nyuso za watu, vyote vilikuwa vikipita mbele yangu kuelekea upande mmoja bila kuisha, na nilipofumba macho ni mimi niliyekuwa nikizungushwa. Nikashika nguzo. Nikatapika, nikatapika tena, hata tumbo likawa halina kitu na bado linajaribu.

Wale wanawake wa kibandani walinistiri kwa khanga na kunilaza juu ya mkeka. Mmoja akasema ni malaria. Muuza nyama aliyekuja mbio na maji akasema ni presha, kwani baba yake ilimwanza hivyo. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama nina watu walionikasirikia. Mpwa wangu peke yake ndiye aliyeuliza, "Mjomba, lile sikio?" Nikamjibu kwamba sikio limekwisha kupona. Hapo, nikiwa chali, nikajaribu kujisomea kwa sauti ndogo. Nilipofika penye ghunna nikasita. Sauti haikuwa tena kulia. Ilikuwa imehamia kushoto.

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa karibu, na kwa rehema ya Mungu daktari wa masikio, pua na koo alikuwepo siku hiyo. Ni mwanamke wa makamo, mpole wa maneno. Nilipomweleza habari ya ghunna, pamoja na kutapika kwangu katika beseni, aliacha kuandika akaniangalia. Akatoa uma wa chuma, ule wa ncha mbili unaolia ukigongwa, akaugonga na kuusimamisha katikati ya paji la uso wangu. "Sheikh, sauti unaisikia wapi?" Nikasema kushoto. Akasema, "Wiki iliyopita ningekufanyia hivi ungesema kulia. Wewe umejipima mwenyewe kwa kisomo chako."

Maelezo yake nayaleta kwa maneno yangu. Sikio lina vyumba vitatu. Cha nje kinaishia kwenye kiwambo, ngozi nyembamba kama ya ngoma. Nyuma ya kiwambo ni chumba cha kati, chenye hewa na vifupa vitatu vidogo vinavyopokezana mtikisiko wa sauti. Mafua huziba njia inayokiingizia hewa chumba hicho kutoka nyuma ya pua, na hapo ndipo usaha hukusanyika. Cha tatu ni sikio la ndani, lililochimbwa katika mfupa mgumu kuliko mifupa yote ya kichwa, na kujazwa maji. Humo mna viungo viwili vinavyotumia maji hayo kwa kazi mbalimbali: kimoja kimejisokota kama kombe la konokono, nacho ni cha kusikia, na kingine ni mifereji mitatu ya nusu duara, nayo hupima kila mgeuko wa kichwa. Kwa kuwa njia zake zimepindapinda, wataalamu wa kale walikiita chumba hicho labirinthi, yaani jengo ambalo aingiaye hupotea, na uvimbe wake ndio labirinthaitisi.

Basi usaha ukiwa chumba cha kati, sauti za nje haziingii vizuri, lakini sauti yako mwenyewe hupita kwenye mfupa wa kichwa na kufika moja kwa moja sikio la ndani ambalo bado ni zima. Kwa kuwa kelele za nje zimezuiwa upande ule, sauti ya mfupa hushamiri hapo. Ndiyo sababu ya ghunna kuvuma katika sikio lenye maradhi. Lakini maradhi yakivuka na kuingia chumba cha ndani, chombo chenyewe cha kusikia kimeguswa. Hata sauti ya mfupa haipati wa kuipokea, na inabaki kwa jirani yake aliye mzima. Kuhama kwa sauti kulikuwa ni kuhama kwa ugonjwa.

Njia ya kuvukia ni ndogo mno. Kati ya chumba cha kati na cha ndani mna kidirisha cha mviringo kilichofunikwa kwa utando mwembamba. Sumu za vijidudu zaweza kupenya utando huo hata kama vijidudu wenyewe hawajapita. Hiyo ndiyo labirinthaitisi nyepesi, na usikivu mwingi huweza kurudi. Vijidudu wenyewe wakiingia, chumba cha ndani hujaa usaha, usikivu hufa wote au karibu wote, na kibaya zaidi, toka hapo hadi kwenye maji yanayozunguka ubongo pana njia fupi. Huko ndiko homa ya uti wa mgongo hutokea. Daktari alinipindisha shingo mara tatu siku ile, kidevu hadi kifuani, akatazama kama inakakamaa. Ilikuwa laini. Akaniambia kwamba kwa kutazama tu hawezi kuapa ni aina ipi kati ya mbili, na kwa hiyo atanitibu kana kwamba ni ile nzito.

Nilimuuliza kwa nini ulimwengu unazunguka ilhali mimi nimelala. Akanieleza, nami nikautafsiri kwa mfano wetu wa pwani. Mashua ina wapiga makasia wawili, mmoja kila ubavu, wanapiga sawasawa na mashua inakwenda mbele. Mmoja akizimia ghafla, yule wa pili hana kosa lolote, anapiga vilevile, lakini mashua inazunguka papo hapo. Masikio mawili hupeleka habari kwenye ubongo wakati wote, hata mtu akiwa ametulia. La kulia lilinyamaza, la kushoto likaendelea, na ubongo ukaelewa kwamba kichwa kinageuzwa kwa nguvu kuelekea kushoto. Macho nayo yakafuata uongo huo: yalikuwa yakiteleza polepole kulia na kurushwa haraka kushoto, kulia polepole, kushoto haraka, bila mimi kutaka. Mpwa wangu aliyaona akaogopa, akadhani ni kifafa. Daktari aliyaona akatambua sikio lipi limekufa ganzi, kwa kuwa mruko wa haraka huelekea upande mzima.

Kulikuwa na kipimo kimoja zaidi. Aliomba radhi, akanishika kichwa kwa mikono miwili, nami nikamwambia dharura ina hukumu yake. Akasema nitazame pua yake nisibanduke. Kisha ghafla akakigeuza kichwa kidogo upande wa kushoto, macho yangu yakabaki puani pake. Akakigeuza ghafla upande wa kulia, macho yakachukuliwa na kichwa, kisha yakaruka kurudi. Alionekana kupumua. Hofu yake kwa mtu wa umri wangu ni kiharusi cha nyuma ya ubongo, kwani nacho huja na masua na matapishi. Mtu ambaye dunia inamzunguka kwa saa nyingi, na macho yake hayaruki hivyo katika kipimo hiki, huyo humtia daktari wasiwasi zaidi. Vilevile asiyeweza kusimama hata akishikiliwa, au kuona vitu viwiliviwili, au ulimi kuwa mzito, au mkono kulegea. Lakini msikifanye kipimo hiki nyumbani. Shingo ya mtu si ya kujaribia, na kuna viharusi vinavyokata damu ya sikio lenyewe na kuchukua usikivu pia. Masua yaliyokuja pamoja na uziwi ni ya kupelekwa hospitali saa ileile, chanzo chake kiwe kipi.

Nililazwa siku sita. Usaha ulifyonzwa kwa mrija mwembamba, na ukapelekwa maabara. Seftriaksoni iliingia mshipani gramu mbili kila siku. Nikapewa vidonge vya steroidi kupunguza uvimbe kwa kutumai kuokoa usikivu. Daktari hakunificha kwamba tumaini hilo halina dhamana. Picha ya sitiskani ilipigwa kutazama mfupa ulio nyuma ya sikio, kama umeoza au kama kuna kolesteatoma, yaani ngozi iliyopotea njia ikaota ndani ya sikio la kati na kuula mfupa kidogo kidogo. Haikuwepo. Matone ya sikio yalikuwa ya siprofloksasini, na hapo nikafundishwa jambo ambalo ningependa kila mama alijue. Matone mengi yanayouzwa kwa bei nafuu yana jentamisini au neomaisini. Dawa hizo kiwambo kikiwa kizima hazina neno, lakini kikiwa kimetoboka zinaweza kufika kwenye kile kidirisha na kulidhuru sikio la ndani zenyewe. Sikio linalotoa usaha lihesabiwe kuwa ni sikio lenye tundu. Msilitie chochote kilichobaki kabatini, wala mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya vitunguu, mpaka mtu mwenye kifaa amelichungulia.

Nilimuuliza kama ni yale mafuta yaliyoniponza, au kuacha kwangu vidonge siku ya tatu. Alisema mafuta pengine hapana, kwani niliyatia kabla kiwambo hakijapasuka. Kuhusu vidonge, alisema hawezi kuniambia kwa yakini kwamba ningevimaliza nisingepatwa, kwani wapo waliovimaliza wakapatwa. Lakini kukatika kwa maumivu kulinidanganya. Usaha uliokuwa umebana chumba kidogo ulipata mlango wa kutokea, ndipo maumivu yakaisha. Ugonjwa ulikuwa bado umo.

Siku mbili za mwanzo sikumbuki mengi. Nilikuwa nikipewa proklorperazini ya kutuliza masua na kutapika, na niliipenda kama maji ya ramadhani. Siku ya tatu daktari akaikata. Nililalamika, nakiri, kwa maneno yasiyonistahiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sheikh, dawa hii inaulaza ubongo, na ubongo wako una kazi ya kujifunza. Yule mpiga makasia wa kulia huenda asiamke. Wa kushoto na nahodha lazima wajifunze kuendesha mashua bila yeye. Wakilala hawajifunzi." Mchana ule nikasimamishwa na wauguzi wawili, nikaenda hatua nne hadi dirishani, nikitapika njiani. Kesho yake nikaenda hatua kumi.

Zoezi la pili lilikuwa la kukaa. Nilipewa karatasi yenye herufi moja kubwa, niishike mbele yangu kwa urefu wa mkono, niitazame bila kubanduka huku nikitikisa kichwa kulia na kushoto kama mtu anayekataa, kwa dakika moja, mara kadhaa kwa siku. Nikaomba niandike herufi yangu mwenyewe, nikaandika swaad. Siku ya kwanza ilikuwa ikicheza na kunitia kichefuchefu kabla ya kuhesabu kumi. Mwisho wa wiki ya pili ilikuwa imesimama. Kichefuchefu hicho, niliambiwa, si dalili ya kuacha. Ubongo hauwezi kurekebisha kosa ambalo haujaliona.

Sala niliiswali nimekaa, kwa ishara, kama sheria inavyomruhusu mgonjwa. Nilipoanza kurudia sijda, kuinama na kuinuka ndiko kulikokuwa kugumu kuliko vyote, na kwa wiki nzima nikawa nikisujudu karibu na ukuta. Lakini pale ambapo sikuonywa na mtu ni kwenye udhu. Siku niliyorejea nyumbani kwa mpwa wangu nilisimama kwenye karo, nikafumba macho kuosha uso, na nikaanguka. Sababu ni nyepesi ukishaijua. Mtu husimama kwa msaada wa vitu vitatu: masikio, macho, na nyayo zinazohisi sakafu. La kwanza lilikuwa nusu, na la pili nililifumba mwenyewe. Ndiyo maana giza nalo ni adui wa mgonjwa huyu. Anayeamka usiku awashiwe taa, na aoshe uso ameketi. Tena maji yasiingie katika sikio lililotoboka. Kuyapaka masikio kwa kidole chenye unyevu si tatizo, ila wakati wa kuoga niliziba kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, mpaka daktari aliponiambia kiwambo kimejifunga, baada ya wiki sita.

Habari ya maji ina hadithi yake. Robati Barani, daktari wa masikio wa Viena, alikuwa akiwaosha wagonjwa masikio, nao wakilalamika kwamba wanapata kizunguzungu. Mmoja akamwambia ni maji, yana baridi mno. Akayatia moto kupita kiasi, mgonjwa akazungukwa tena, na Barani akaona macho yake yanaruka kuelekea upande wa pili. Akaelewa kwamba maji ya sikio la ndani hutembea yakipata joto au baridi, kama maji ya sufuria jikoni. Akafanya kipimo kwa jambo hilo, na kipimo hicho kinatumika mpaka leo. Alitunukiwa Nobeli ya mwaka 1914 akiwa mfungwa wa vita huko Urusi. Nimemtaja kwa sababu jambo lenyewe lilimjia kutokana na malalamiko ya wagonjwa, naye hakuyapuuza.

Hapo lazima niseme la kwangu. Miaka mingi nyuma nililetewa mwanamke kijana ambaye dunia ilikuwa ikimzunguka na anatapika. Mumewe alisema ni upepo. Nilimsomea, na kusoma ni haki, sijutii kisomo. Ninachojutia ni kwamba nakumbuka vizuri alikuwa na pamba sikioni, na sikumuuliza ni ya nini. Nilisikia baadaye kwamba alibaki hasikii upande mmoja. Siku hizi nikiletewa mtu wa aina hii, kabla ya kufungua kinywa nauliza maswali matatu: je, sikio limekuuma au kutoa usaha siku hizi? Unasikia sawa pande zote mbili, hebu weka simu hapa na hapa? Una homa, na shingo inakunjika? Kisha naagiza gari. Kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari.

Akina mama wenye watoto wadogo wana kazi ngumu zaidi, kwani mtoto hajui kusema dunia inazunguka. Humshika mama asimwachie, huanguka upande mmoja akitembea, hukataa kuinua kichwa mtoni, na hutapika. Akipelekwa hudhaniwa ni tumbo. Mama akisema, "Sikio lake lilikuwa likitoa usaha wiki iliyopita," amempa daktari nusu ya jibu. Na sikio la mtoto linalotoka maji yanayonuka kwa miezi si jambo la kungojea akue. Hiyo ndiyo dalili mojawapo ya kolesteatoma niliyoitaja, ambayo hutoboa kuta za mifereji ile, na dawa yake ni upasuaji.

Wiki tatu baada ya siku ile nilirudi Soko la Kenyatta, kwa amri ya daktari hasa. Alitaka nitembee penye watu na vitu vingi, kwa kuwa mahali pa namna hiyo ndipo panapomchanganya zaidi mtu aliyezoea kutegemea macho. Nilishikilia bega la mpwa wangu katika safu ya kwanza, nikaliachia ya pili. Wale wanawake wakanipigia vigelegele, nami nikaona haya. Muuza nyama alikuja kuuliza presha inaendeleaje.

Usikivu ulipimwa mara mbili, kabla sijarudi pwani na baada ya miezi mitatu, katika chumba kidogo kisichopitisha kelele. Sauti nene zilikuwa zimerudi karibu zote katika sikio la kulia. Sauti nyembamba hazikurudi. Daktari alinionyesha mchoro, mstari unaokwenda sawa kisha unaporomoka kama ngazi. Nikamuuliza kwa nini nyembamba peke yake. Akasema katika lile kombe la konokono, sauti nyembamba hupokelewa mwanzoni kabisa, mlangoni, na mlango huo umepakana na kile kidirisha. Sumu ilipoingia, iliwakuta wao kwanza. Nene hupokelewa ndani kabisa, kileleni, na huko madhara hayakufika kwa nguvu.

Aliniuliza kazi yangu ya siku zote ni ipi. Nikamwambia nasomesha madrasa miaka thelathini, na nusu ya kazi ni kumrekebisha mtoto anayetamka siin mahali pa thaa, au mahali pa swaad. Akakaa kimya kidogo. Sauti za herufi hizo, akasema, zinaishi huko juu, katika nyembamba. Tofauti ya siin na thaa ni mpulizo mdogo tu wa hewa.

Sikio la kushoto ni zima, namshukuru Mola. Mtoto mmoja akisoma peke yake mbele yangu namsikia kama zamani. Lakini wasomaji wetu wanajua madrasa ilivyo, watoto arubaini kila mmoja na sura yake, wote kwa sauti. Zamani niliweza kukaa katikati na kumkamata aliyekosea kule pembeni bila kuinua kichwa. Sasa sijui sauti inatoka wapi, kwa kuwa kujua upande kunataka masikio mawili. Nimepanga upya chuo. Nimekaa kona ya ukuta, ukuta uko kulia kwangu, na wote wako kushoto. Anayesomeshwa anakaa karibu, na wengine wanapunguza sauti kwa muda wake. Mkubwa wao nimempa kazi ya kusikiliza siin na thaa za wale wa nyuma, naye ameichukua kwa ukali kuliko nilivyokuwa mimi.

Wiki iliyopita kijana mmoja ambaye hakudurusu alijipenyeza akakaa kulia kwangu, baina yangu na ukuta, akaanza kusoma kwa haraka. Nilimwacha afike mwisho wa aya. Kisha nikamwambia azunguke aje upande wa pili, aanze upya.